Maneno ya sala yasiliwe na vitufe: gridi ninayotumia kupanga maandishi kwenye vidio za kusimama

Oktoba, mwezi wa Rozari, timu yetu ya mawasiliano ya parokia huwa inatoa vidio fupi za sala, na ile ya Baba Yetu ndo iliyonifundisha hiki ninachoandika hapa. Tulirekodi pale Kibosho mbele ya groto, sauti safi, maneno yanapita chini mstari kwa mstari, mi mwenyewe niliedit na nikaridhika kabisa nikalala.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima, masikio yake yamechoka kwa hiyo sauti ya simu haisikii vizuri, anasali kwa kusoma. Nikampigia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, hii Baba Yetu yenu mbona mmeikata? Utusamehe makosa yetu, halafu kimya, waliotukosea wako wapi?"

Nikafungua vidio kwenye simu ya mdogo wangu na kweli, mstari wa kwanza unaonekana, wa pili wote umelala chini ya jina la akaunti na kapsheni niliyoandika mwenyewe kwa mkono wangu. Yaani ombi limebaki na sharti lake limefichwa. Mbele kidogo "lakini utuopoe maovuni" imekatwa na kitufe cha laiki pale kwenye "maovuni", kwa hiyo mtu anaomba kuopolewa halafu haijulikani kutoka wapi. Hiyo iliniuma sana, kwa sababu tangazo la biashara likikatwa neno moja mtu atakisia, ila sala mtu anaitamka kama ilivyoandikwa, hasa asiyesikia na hasa mtoto anayejifunza.

Kosa lilikuwa tabia ya kizamani. Kwenye vidio ya kulala, ile ya tivii, maneno yanakaa chini kabisa na hakuna kinachoyagusa. Vidio ya kusimama ya 1080 kwa 1920 mambo ni tofauti, app inapanga vitu vyake juu ya picha yako: chini jina, kapsheni na jina la muziki, kulia laiki, komenti na shea, juu kuna tabo na kitufe cha kutafuta. Na ukiwa unaedit huvioni hata kimoja, skrini iko tupu inakukaribisha uweke maneno popote.

Kuna vipimo vya jumla vinavyotembea mtandaoni. Meta wanawashauri wanaotangaza kwenye Reels waache wazi karibu asilimia 14 juu, asilimia 35 chini na asilimia 6 kila upande. Ni vipimo vizuri vya kuanzia, ila asilimia huzioni kwa macho wakati unasogeza neno kwa kidole. Ndo maana nikatengeneza gridi.

Gridi yenyewe ni picha nyeupe ya 1080 kwa 1920 iliyogawanywa safu 10 za kwenda chini na mistari 20 ya kulala. Kila chumba kinakuwa na upana wa pikseli 108 na urefu wa 96. Safu nazipa herufi A mpaka J kutoka kushoto, mistari naipa namba 1 mpaka 20 kutoka juu, na kila chumba kina jina lake limeandikwa ndani, A1, A2, hivyo hivyo mpaka J20. Unaweza kuichora Canva kwa uvumilivu tu, au kama una laptop yenye ffmpeg, programu ya bure ya kutengeneza vidio kwa amri za kuandika, mistari inatoka kwa amri moja halafu majina ya vyumba unayaongeza mwenyewe:

```
ffmpeg -f lavfi -i color=c=white:s=1080x1920:d=10:r=30 \
 -vf "drawgrid=w=108:h=96:t=2:c=black" -pix_fmt yuv420p gridi.mp4
```

Hiyo vidio ya sekunde 10 unaiposti kwenye akaunti ya majaribio, siyo ya parokia jamani, na unaiwekea kapsheni ndefu kama zile unazoandika kila siku pamoja na muziki. Hapa wengi wanajidanganya, wanajaribu na kapsheni ya neno moja halafu siku ya kazi wanaandika sentensi tatu na kapsheni inapanda juu inakula mstari mwingine. Halafu usiitazame kwenye akaunti iliyoposti, kwa sababu mwenye vidio anaoneshwa vitu tofauti na anavyoona mtazamaji. Mpe mwenzako aifungue kwenye simu yake, apige skrinshoti akutumie. Uzuri wa gridi ni kwamba huhitaji kupima kitu, unasoma tu majina ya vyumba vilivyofunikwa. Mdogo wangu alinijibu "J yote kuanzia 9 kwenda chini haipo, na I nusu nusu", nikaelewa hapo hapo.

Nilikusanya skrinshoti za simu tano za watu wa kwaya, zikiwemo ndogo za bei ya chini, maana ndizo zilizojaa kwenye jumuiya. Simu hizo zikanionesha jambo ambalo sikulitegemea, pembeni. Simu nyingi za sasa ni ndefu, 20 kwa 9, na app ikiamua kuijaza skrini yote inaikuza vidio mpaka pande zinatoka nje. Hesabu yake ni nyepesi: skrini ya 1080 kwa 2400, vidio ya urefu wa 1920 inakuzwa mara 1.25 ili ifike juu mpaka chini, upana unakuwa 1350, kwa hiyo 270 zinazidi, 135 kila upande. Ukirudisha kwenye pikseli za vidio yako ni 108, yaani safu nzima ya A na safu nzima ya J. Na ikishakuzwa hivyo vitufe vya kulia vinasogea kwenye I. Kwenye Kiswahili kushoto kukikatwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kukanusha kwetu kunaanza mwanzoni mwa neno. "Usitutie katika kishawishi", toa herufi mbili za mwanzo ubaki na "itutie", na hapo sisemi zaidi.

Kwa hiyo nimejiwekea chumba changu: safu C mpaka H, mistari 4 mpaka 13. Ningeweza kutumia B pia maana kwangu iko salama, ila nikiiingiza maneno yanaegemea kushoto na hayakai katikati ya skrini, na kwenye sala inasumbua macho. C mpaka H ni pikseli 648. Kwa fonti niliyochagua ya ukubwa wa 60, herufi moja inakula kama pikseli 30, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi 21 pamoja na nafasi.

Herufi 21 siyo nyingi kwa Kiswahili, maneno yetu ni marefu, "tunavyowasamehe" peke yake ni 15. Hapo ndo kazi inapoanza, unakaa na sala unaikata kwa kuhesabu na kwa pumzi vyote viwili. "Jina lako litukuzwe" ni 19, inaingia. "Duniani kama mbinguni" ni 21 kamili, inaingia kwa kubana. "Baba yetu uliye mbinguni" ni 24, haiingii, naikata baada ya "yetu". "Lakini utuopoe maovuni" ni 22, imezidi moja tu, na hapo kishawishi chenyewe ni kupunguza fonti kidogo ili ikae. Usipunguze. Ukipunguza kwa mstari mmoja mama yule anavua miwani anaivaa tena. Weka "lakini" juu, "utuopoe maovuni" chini, mtu akivuta pumzi baada ya lakini hakuna ubaya. Ile iliyotuumbua sasa inakaa kadi moja ya mistari mitatu:

Utusamehe makosa yetu
kama tunavyowasamehe
na sisi waliotukosea

21, 20 na 20. Nilitaka ombi na sharti vionekane kwa pamoja, visitengane kadi mbili. Wenzetu Walutheri mnaosema "riziki yetu" msikopi kukata kwangu, mistari yenu inavunjika kwingine, hesabuni wenyewe.

Angalia kitu kimoja kwenye CapCut, na hata app nyingine nilizojaribu zinafanya hivyo: boksi la maneno linakua kutoka katikati, juu na chini kwa pamoja. Ukipanga kadi ya mistari miwili ikakaa vizuri kwenye 12 na 13, halafu ukakopi boksi ukaandika mistari mitatu, ule wa chini unasukumwa kuingia 14 na wewe hujagusa kitu. Mi sasa naweka gridi kama Overlay juu ya vidio, naipunguza Opacity mpaka 30 hivi, napitia kadi moja moja mpaka mwisho, halafu naifuta kabla ya kutoa faili. Usisahau kuifuta, kuna jioni tulikaribia kuposti Salamu Maria yenye J17 usoni.

Mkishapandisha maneno mtakutana na tatizo jingine, yanatua kifuani kwa padre au juu ya msalaba. Hilo halitibiki kwenye kuedit, linatibiwa siku ya kurekodi. Mwambie mwenye kamera arudi nyuma hatua mbili tatu, uso ukae mistari ya 4 mpaka 8, hiyo 10 mpaka 13 ibaki kanzu au ukuta au majani tu. Na mlima ukifunikwa na mawingu nyuma yenu, maneno meupe yatapotea hata kama yako sehemu sahihi, weka utepe mweusi hafifu nyuma yake.

WhatsApp Status haina vitufe vya kulia lakini maelezo unayoandika wakati wa kutuma yanakaa chini juu ya picha, na juu kuna jina lako, kwa hiyo chumba hicho hicho kinafaa. Maandishi ya moja kwa moja yanayotengenezwa na app nayazima, maana yanakuja kukaa juu ya maneno niliyopanga na mara nyingi yanaikosea sala.

App ikipata apdeti kubwa narudia gridi, dakika kumi tu na skrinshoti mbili tatu kutoka kwenye grupu la kwaya. Na "Amina" nayo, watu wanapenda kuishusha chini kabisa peke yake na maua kwa urembo, mstari wa 17 au 18. Iacheni pale pale palipokuwa mstari wa mwisho wa sala, kwenye 13.