Mahubiri baada ya mtumishi kukiri: anza na mwana-kondoo wa maskini

"Mwinjilisti wetu amekiri mbele ya baraza la wazee kwamba alikuwa na mahusiano na dada aliyekuwa akimwendea kwa maombi na ushauri. Mtaa mzima unajua. Jumapili ijayo nimepangiwa kuhubiri toba na kurudi kundini. Nihubirije?"

Mtumishi, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dar, na usharika wetu ulipopatwa na jambo kama hilo mimi ndiye niliyesimama mimbarini Jumapili ya kwanza.

Wahubiri wengi hukimbilia Zaburi ya 51. Usianze nayo. Mstari wa 4 unasema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Ni neno la kweli la mtu aliyepiga magoti mbele za Mungu, lakini mfikirie yule dada akiwa benchi la nyuma: anasikia kwamba aliyekosewa ni Mungu tu, yeye hayumo. Kichwa cha zaburi hiyo chenyewe kinasema Daudi aliiimba baada ya nabii Nathani kumjia. Basi anza na Nathani, 2 Samweli 12. Nathani alianza na maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyenywea kikombe chake na kulala kifuani pake. Alimfanya mfalme amwone kwanza aliyenyang'anywa, ndipo akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na katika karipio lote hamna neno hata moja la kumlaumu Bathsheba. Hapo kaa sana, kwa sababu mtaani tayari wanasema dada ndiye aliyemtega. Sema wazi mimbarini kwamba mwenye ufunguo wa ofisi, mwenye kuombea na mwenye kuaminiwa siri za watu ndiye aliyekuwa na wajibu wa kulinda.

Jiandae na "Msiwaguse masihi wangu." Itarushwa tu, hata na kina mama wema kabisa. Zaburi 105 inazungumzia wafalme wa mataifa wasiwadhuru Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wageni njiani. Haizuii kanisa kumuuliza mtumishi. Daudi alikuwa mpakwa mafuta, na Nathani alikemewa na nani kwa kumkabili? Samweli naye, 1 Samweli 12:3, aliwaita watu wote wamshuhudie mbele za Bwana kama aliwahi kumdhulumu mtu.

Kabla ya mahubiri, mwenyekiti wa baraza asome taarifa fupi. Yetu ilikuwa hivi: "Mwinjilisti alitumia nafasi yake ya kuombea watu kufanya uzinzi na mtu aliyekuja kutafuta msaada. Amekiri. Ameondolewa katika huduma zote. Aliyeumizwa hatatajwa, na hatutaki atafutwe." Usiseme "ameteleza", maana watu watajaza wenyewe yaliyobaki, na watayajaza vibaya. Taarifa hiyo na mahubiri yote dada aliviona kabla ya Jumapili, kupitia mama wawili aliowachagua mwenyewe. Alifuta sentensi iliyotaja shida iliyompeleka kwenye maombi, kwa kuwa wengi wangemtambua. Akaomba pia mwinjilisti asije kuungama mbele siku hiyo. Tulikubali.

Ombi hilo lilituokoa na hatari ninayoiogopa kuliko zote. Mtumishi akilia mbele ya watu, vigelegele vinapanda, kwaya inaimba, na aliyeumizwa anajikuta analazimika kufurahi naye. Ukitaka kuipima toba, sikiliza anataja nini. Akisema sana juu ya shetani, familia yake na huduma yake, na hasemi alimtenda nani nini, bado hajaungama. Mpeni muda zaidi na mchungaji wake.

(Kama aliyeumizwa hajatimiza miaka 18, hilo si la baraza kumaliza. Nendeni kwanza dawati la jinsia na watoto la polisi. Mahubiri yatasubiri.)

Kisha watauliza, "Atarudi lini?" Hapa ndipo Zaburi ya 51 inapata nafasi yake, lakini isome pamoja na 2 Samweli 12:10 na 13. Daudi anaambiwa Bwana ameiondoa dhambi yake, na bado upanga hautaondoka nyumbani mwake. Msamaha haukufuta matokeo. Kwetu tulieleza kwamba kurudi kundini ni kurudi kwenye benchi na, baada ya muda wa marudi, kwenye Meza ya Bwana. Kurudi madhabahuni ni jambo lingine, na ofisi ya kuonana na watu faraghani hatarudishiwa. Kuna waliotuona wagumu, na familia mbili zilihama.

Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano kwa yule aliyemkosea. Kwa hiyo usimalize mahubiri bila kutangaza usharika utafanya nini. Sisi tulilipa ushauri nasaha kwa mtaalamu wa nje aliyechaguliwa na dada mwenyewe, pamoja na nauli yake, na mlango wa chumba cha maombi ukawekwa kioo wiki hiyo hiyo.