Tajiri wa dagaa na mlinzi wake: kutambua kinaya cha usemi, cha hali na cha kidrama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma kidato cha tano hapa Kigoma. Katika jaribio niliandika kwamba mhusika akisema jambo lililo kinyume na ukweli, hicho ni kinaya cha usemi, nikakosa alama zote. Nikipewa shairi fupi tu, nawezaje kukitofautisha na kinaya cha hali na kile cha kidrama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aliyekusahihisha hakukuonea. Sentensi uliyoiandika naikuta karibu kila ninaposahihisha, kwa maneno yale yale na mara nyingine kwa kosa lile lile la tahajia, na najua inakotoka, ingawa hilo nitalisema baadaye. Kwanza soma shairi hili nililolitunga kwa ajili ya darasa langu. Ni tarbia ya beti tatu yenye kibwagizo, na Kibirizi ni mwalo unaoujua.

Tajiri kawaanika, dagaa wa Kibirizi,
Kunguru wakiwataka, na wadokozi na wezi,
Mlinzi akamuweka, akanena waziwazi:
"Huyu ni mlinzi bora, kama yeye hapatiki."

Usiku ukiingia, mlinzi yuko kazini,
Dagaa awachukua, kuwaficha uvunguni,
Tajiri kamwongezea, posho, asema sokoni:
"Huyu ni mlinzi bora, kama yeye hapatiki."

Jirani aliyeona, gunia likiburutwa,
Asubuhi wakutana, sifa zile zikiletwa,
Akaguna akanena, na mdomo ukivutwa:
"Huyu ni mlinzi bora, kama yeye hapatiki."

Kibwagizo kimerudiwa mara tatu bila kubadilika hata herufi moja, na mara zote tatu maneno yake si ya kweli, kwa kuwa mlinzi huyo ni mwizi. Ukiifuata kanuni yako, utaandika kwamba kibwagizo kina kinaya cha usemi mara tatu, ilhali kati ya mara hizo kipo katika ubeti wa tatu peke yake.

Tuanze na huo ubeti wa tatu. Jirani ameliona gunia likiburutwa. Anapotamka kwamba mlinzi ni bora, anajua kuwa si bora, na anakusudia msikilizaji mwerevu apate maana iliyo kinyume na maneno. Kinaya cha usemi hukaa hapo, katika nafsi ya msemaji mwenyewe, ambaye huweka umbali kati ya anachokitamka na anachokimaanisha, naye anaujua umbali huo kwa sababu ndiye aliyeuweka. Mtu anayezungumza nawe ana kiimbo, macho na mikono ya kukuonyesha kusudi lake, lakini karatasi haina sauti, kwa hiyo mtunzi hulazimika kupanda dalili ndani ya maneno. Hapa dalili ni mbili: jirani "aliyeona", na jirani aliyeguna huku mdomo ukivutwa. Katika jibu lako ulipaswa kuzitaja dalili za namna hiyo. Msahihishaji hawezi kukupa alama kwa kudai tu kwamba msemaji hakumaanisha alichosema, kwa kuwa huo ni ushahidi wa ramli.

Sasa rudi kwenye ubeti wa pili. Tajiri anatamka maneno yale yale, tena baada ya kumwongezea mlinzi posho kwa fedha zake mwenyewe. Je, anakejeli? Mtu hampi posho anayemkejeli. Anasema kwa moyo mweupe, na ukimsimamisha pale sokoni ukamuuliza kama anamaanisha anachokisema, ataapa kwamba anamaanisha. Basi hapa hakuna kinaya cha usemi hata kidogo, ingawa maneno yanapingana na ukweli. Msemaji asiyejua ukweli amekosea tu, na kukosea si kukinaya. Hata hivyo wewe msomaji unaposoma sifa hizo unahisi kitu kinakukereketa, kwa sababu mistari miwili tu kabla ya hapo umeonyeshwa dagaa wakipelekwa uvunguni. Wewe unajua, tajiri hajui, na maneno yake yana uzito kwako ambao yeye hausikii. Hicho ndicho kinaya cha kidrama.

Jina hilo limewapoteza wengi wakadhani kwamba lazima kuwe na jukwaa na waigizaji. Ni kweli kwamba mfano wake mashuhuri ni wa tamthilia, nao ni ule wa Mfalme Edipode, anayemlaani hadharani muuaji wa mfalme Laio bila kujua kwamba muuaji huyo ni yeye mwenyewe. Lakini angalia tofauti. Watazamaji wa Kiyunani walikwenda kuitazama tamthilia wakiwa tayari wanakijua kisa chake, ilhali msomaji wa shairi fupi hajui lolote isipokuwa analopewa na mtunzi ndani ya mishororo. Kwa hiyo katika shairi kinaya cha kidrama hutegemea mpangilio wa kutoa habari. Jaribu kuihamisha mishororo miwili ya kwanza ya ubeti wa pili uipeleke mwisho kabisa wa shairi. Wizi utabaki kuwa wizi na sifa za tajiri zitabaki kuwa za uongo, lakini unapozisoma mara ya kwanza utakuwa hujui zaidi ya tajiri, nawe utaishia kushangaa pamoja naye. Kinaya cha kidrama kitakuwa kimeondoka, pasipo neno hata moja kuondolewa.

Kwa hoja hiyo hiyo, kibwagizo cha ubeti wa kwanza hakina kinaya cha aina yoyote unapokisoma kwa mara ya kwanza. Tajiri anamaanisha, na wewe huna habari inayompinga. Anayerudi na kukisoma tena baada ya kulimaliza shairi ana haki ya kutabasamu, lakini aandike wazi kwamba anazungumzia usomaji wa pili.

Kinaya cha hali hakimo katika kibwagizo chochote kati ya hivyo vitatu. Kimo katika tukio lenyewe, na kingekuwapo hata kama wahusika wote wangekuwa mabubu. Tajiri alimwajiri mtu ili mali isiibiwe, na mtu huyo huyo ndiye aliyeiiba. Kinga aliyoinunua imekuwa mlango wa hasara. Naomba usisome haraka hapo, kwa kuwa kosa la pili kwa wingi ninaloliona ni la kuita kila balaa kinaya cha hali. Mvua ikiwanyea dagaa kabla hawajakauka, tajiri amepata hasara, lakini hakuna kinaya. Mwizi wa mbali akija usiku akabeba gunia huku mlinzi amelala, hapo napo ni wizi na uzembe, ingawa tunaanza kusogea. Kinachohitajika ni matokeo yanayolipinga kusudi la tendo, na yenye nguvu zaidi ni yale yanayozaliwa na tendo lile lile lililokusudiwa kuyazuia. Posho ya ubeti wa pili imekiongezea ukali, kwa kuwa sasa mwibiwa anamlipa zaidi mwizi wake.

Njia ninayoitumia mimi ni ya kuondoa kitu kimoja na kutazama kinachoanguka. Ukimfanya jirani asiwe ameona chochote, kinaya cha usemi cha ubeti wa tatu kinaanguka na sifa zake zinakuwa za kweli moyoni mwake. Ukimfanya tajiri awe anajua kuhusu uvungu tangu mwanzo, kinaya cha kidrama kinaanguka na maneno yake yanageuka kuwa kijembe, yaani kinaya cha usemi. Ukimfanya mwizi awe mpita njia, kinaya cha hali kinaanguka. Kila kimoja kina nguzo yake: cha usemi kinashikiliwa na kusudi la msemaji, cha kidrama na pengo la ujuzi kati ya msomaji na mhusika, na cha hali na mgongano wa kusudi na matokeo.

Visikutishe vikikaa pamoja. Ubeti wa tatu hausemi waziwazi kama tajiri mwenyewe yupo hapo asubuhi, lakini ukisoma kwamba yupo na anadhani jirani anamsifia mlinzi wake kwa dhati, basi mshororo mmoja umebeba kinaya cha usemi kwa upande wa jirani na cha kidrama kwa upande wa tajiri. Andika vyote viwili na useme kila kimoja ni cha nani. Na usimsahau msimulizi. Anapotuambia kwamba usiku ukiingia "mlinzi yuko kazini", kazi anayoijua yeye si ile iliyolipiwa mshahara, na hicho nacho ni kinaya cha usemi, kilichopita kimyakimya kabla ya kibwagizo. Wanafunzi wengi hukiruka kwa sababu hakina alama za mtajo.

Sasa niseme ile sentensi yako inakotoka. Inatoka katika zile karatasi za kudurufu zinazoitwa madesa, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, zikiwa na mshale mmoja tu kutoka "kinaya" kwenda "kinyume". Nimewahi kuletewa moja iliyodai kwamba alama ya mshangao ndiyo dalili ya kinaya, na nyingine iliyoweka kinaya, kejeli na tashtiti kwenye mstari mmoja kama visawe. Tashtiti ni kuuliza jambo ambalo muulizaji analijua. Kejeli ni kukusudia kumdhalilisha mtu, na yaweza kufanywa kwa maneno ya moja kwa moja kabisa yasiyo na kinaya chochote. Aliyeandika karatasi hiyo hakuwa amelisoma shairi lolote wakati anaandika, na aliyeinunua alidhani amefupishiwa safari.

Ubaya mkubwa wa madesa haya uko katika zile orodha za mifano kuliko katika tafsiri zenyewe. Mwanafunzi hupewa mishororo kumi iliyonyofolewa kutoka mashairi kumi, kila mmoja umebandikwa aina yake ya kinaya, akaambiwa aikariri. Lakini kusudi la msemaji, ujuzi wa msomaji na mgongano wa tendo na matokeo vyote viko nje ya mshororo, katika mistari iliyoutangulia na inayoufuata, na ndivyo vilivyoachwa kule ulikonyofolewa. Chukua kibwagizo cha shairi hili ukiweke peke yake kwenye orodha ya namna hiyo. Atakayekikariri hataweza kusema kama ni kile cha ubeti wa kwanza kisicho na kinaya, cha ubeti wa pili cha tajiri asiyejua, au cha ubeti wa tatu cha jirani aliyeona.