Kukata tangazo mwanzoni mwa webina bila kurenda upya

"Nina rekodi ya webina ya SACCO yetu, saa mbili. Mwanzoni kuna tangazo lenye namba ya simu ambayo haitumiki tena. Nimeikata kwa ffmpeg kwa -c copy. Kwangu inacheza vizuri, lakini mwenzangu wa Mbale anasema tangazo bado analisikia. Vipi?"

Ndugu, tangazo bado limo ndani ya faili, limefichwa tu. Ukikata bila kurenda, video haiwezi kuanza popote utakapo. Lazima ianzie kwenye fremu kamili, yaani ile yenye picha nzima. Zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Ukiomba sekunde ya 46, ffmpeg inarudi nyuma hadi fremu kamili iliyo karibu, inanakili kuanzia hapo, kisha inaandika kwenye MP4 maagizo ya kuruka kipande cha ziada. Kicheza video chako kinayatii, cha mwenzako hakiyajali.

Mimi hukata rekodi za namna hii hapa Kampala, kwenye laptopu ya zamani ambayo kurenda saa mbili ni kuombea umeme usikatike. Kwanza natafuta fremu kamili zilipo:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -read_intervals %+90 -show_entries packet=pts_time,flags -of csv=p=0 webina.mp4 | grep K
```

Rekodi moja ilinipa 36.08, 44.12 na 52.16. Tangazo liliisha sekunde ya 41, mwenyekiti akaanza kusalimia ya 46. Kwa hiyo 44.12 ndiyo pa kukatia. Naongeza kidogo sana, kwa sababu ukiandika namba iliyo nyuma ya fremu hata kwa nywele, unarudishwa hadi 36.08 na tangazo linaingia tena:

```
ffmpeg -ss 44.15 -i webina.mp4 -c copy safi.mp4
```

Hiyo -ss ikae kabla ya -i. Ukiiweka baada yake, sauti huweza kuanza mapema huku picha ikisubiri fremu kamili inayofuata.

Kabla ya kutuma, sikiliza kilichofichwa:

```
ffplay -ignore_editlist 1 safi.mp4
```

Ukisikia neno la tangazo hapo, kuna atakayelisikia kwenye simu yake. Kwa namba ya simu iliyokufa si neno, ila kama ni namba ya siri au jina la mwanachama, usitume.

Shida ni pale salamu inapofuata tangazo papo hapo na hakuna fremu kamili katikati. Zikipishana sekunde nane kama hizi, hutokea. Mimi huchagua fremu inayofuata na kupoteza salamu, maana "karibuni nyote" haimpunguzii mtu kitu. Lakini mwenyekiti akiingia moja kwa moja kwenye riba ya mikopo, nakata kwenye fremu ya nyuma, kisha nanyamazisha sekunde hizo za mwanzo. Sauti peke yake ndiyo inayorendwa (-c:v copy -c:a aac), kazi nyepesi hata kwa laptopu yangu. Picha ya tangazo itabaki kwa muda huo, kwa hiyo angalia kama namba imeandikwa pia kwenye slaidi.