Hiyo namba uliyoiweka kwenye chapta ya pili, nani aliipima?

Nyie mnaoanza disatesheni mwaka huu, haswa mlio kwenye mambo ya mazingira na bahari, hebu niwaeleze kitu kimoja kilichonila wiki mbili nzima, manake naona wengi mnapita njia ile ile.

Mie nilikuwa naandika juu ya kaboni kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, huu unaouona ukivuka daraja la Nyali. Kwenye chapta ya pili nikaandika kwamba hekta moja ya mikoko inahifadhi tani 1,023 za kaboni dioksaidi, nikaweka jina la mwandishi na mwaka, nikaona mambo shwari. Pepa nilikuwa nimeitoa Google Scholar, iko na pidiefu safi, jarida lenye neno International kwenye jina, volyumu, ISSN, DOI, kila kitu. Supavaiza wangu akaizungushia ile sentensi kalamu nyekundu akaandika pembeni, "Tani za nini? Nani alipima?" Basi.

Nikarudi kwenye ile pepa nikaisoma vizuri, na nakiri mwanzo nilisoma abstrakti peke yake. Hawakupima chochote. Hakuna ploti, hakuna sampuli ya udongo, hakuna hata jina la msitu, ile namba wameitaja tu kwenye intro na rejea yao ni websaiti moja ya mambo ya tabianchi. Nikafungua websaiti, nayo imeandika "wanasayansi wamegundua", lakini neno wanasayansi lilikuwa na linki, nikabonyeza ikanipeleka kwa pepa ya Donato na wenzake ya mwaka 2011 kwenye Nature Geoscience. Hapo ndo nikafika kwa watu walioingia topeni wenyewe wakapima. Walipima misitu 25 ya mikoko ukanda wa Indo-Pasifiki na wastani wao ni Mg 1,023 za kaboni kwa hekta. Megagramu moja ni tani moja, hapo sawa, lakini ni kaboni, si kaboni dioksaidi! Ukitaka kugeuza kaboni iwe kaboni dioksaidi unazidisha kwa 44 gawanya kwa 12, inakuja kama tani 3,750. Kwa hivyo mie nilikuwa nimeandika robo ya kiwango chenyewe na kitu kidogo juu.

Sasa angalieni kosa liliingilia wapi. Ile websaiti iliandika kaboni, sawasawa kabisa, na ikatoa linki. Ni lile jarida ndo lilibadilisha ikawa kaboni dioksaidi. Kwenye jarida lenye wahakiki wa kweli pepa inapelekwa kwa watu wawili watatu wa fani hiyo hiyo kabla ya kukubaliwa, na mtu aliyezoea kazi ya mikoko akiona kosa la yuniti kama hilo kuna uwezekano mkubwa atalishika, au angalau atauliza mbona mnanukuu websaiti na pepa yenyewe ipo. Hapa hakuna aliyeuliza. Nikaangalia ukurasa wa kwanza wa pidiefu, pale chini penye Received na Accepted: siku tatu. Uhakiki wa kawaida unachukua wiki kadhaa mpaka miezi, siku tatu hazitoshi hata kumpata mhakiki akubali kusoma. Tangu siku hiyo hizo tarehe mbili ndo kitu cha kwanza naangalia.

Cha pili ni ile orodha ya "indexed in". Jarida la kitapeli linajaza nembo pale, na mmoja wapo karibu kila mara ni Google Scholar, ambayo haipimi ubora, inaokota chochote chenye umbo la pepa. ISSN nayo ni namba ya utambulisho tu, kama pleti ya gari, haikwambii dereva anajua kuendesha. DOI pia, anayelipia anapata. Kwa hivyo msiamini jarida linachojisema kwenye websaiti yake, nendeni upande wa pili mkaulize: fungueni doaj.org au scopus.com/sources, hizi ni orodha za majarida yaliyochujwa na zote ni bure, na mtafute kwa ISSN, si kwa jina, manake matapeli wanapenda jina linalofanana na la jarida kubwa ukakosea herufi moja tu. Kwenye Scopus angalieni pia miaka, kuna majarida yalikuwemo yakaondolewa na bado yanajitangaza. Langu halikuwa popote.

Lakini tafadhali msigeuze hii kitu ikawa kwamba jarida la kwetu dogo ni la kitapeli. Hilo linaniuma. Kuna majarida ya Afrika yenye websaiti ya kizamani, matoleo mawili kwa mwaka, na uhakiki wao ni wa kweli. Western Indian Ocean Journal of Marine Science lachapishwa na WIOMSA hapo Zanzibar, na pepa zake mtazipata AJOL, yaani ajol.info, na kwa mtu anayeandika juu ya pwani hii laweza kukufaa kuliko jarida la Ulaya ambalo halijawahi kuona Tudor. Na kulipisha pesa pia si dalili tosha, PLOS ONE inalipisha waandishi na ina wahakiki. Swali ni kama pesa ndo kigezo pekee cha kukubaliwa.

Websaiti za kawaida nazo zina kazi yake. Ukitaka kusema mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi unahusu hekta 117, chanzo kizuri ni mradi wenyewe na hati zake, hayo ni mambo yao wanayajua. Ukitaka idadi ya watu wa Mombasa, 1,208,333 kwenye sensa ya 2019, nenda KNBS moja kwa moja. Ila madai ya kisayansi, kiasi gani kinahifadhiwa, kwa nini, kwa kina gani, pale websaiti iwe ni mlango tu wa kukufikisha kwa aliyepima.

Haya, nikadhani sasa nimemaliza, nimepata jarida kubwa, namba sahihi, yuniti sahihi. Nikampelekea supavaiza. Akauliza tena, "Tudor imo kwenye hiyo misitu 25?" Haimo, na baadhi ya ile misitu ina udongo wenye kaboni wa kina cha zaidi ya mita 3, na udongo ndo unabeba kati ya asilimia 49 na 98 ya kaboni yote kwenye ile pepa. Ukichukua wastani huo ukauleta Tudor bila kujua kina cha udongo wa hapa, umekosea tena, safari hii ukiwa na chanzo kizuri mkononi. Ikabidi nibonyeze "Cited by" chini ya Donato kwenye Google Scholar, nikaweka tiki kwenye "Search within citing articles", nikaandika Kenya. Zikaja pepa za huku kwetu, nyingi zina watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wengi wao wamefanya kazi Gazi. Donato nikambakisha kwa sentensi moja ya jumla, namba za kulinganisha na Tudor nikazitoa Gazi, na kwenye Excel yangu nikaongeza kolamu tatu: nani alipima, wapi, yuniti gani. Pepa ambayo sikuweza kujaza kolamu ya kwanza niliitoa, na zilitoka 11.