pH ya asidi ya salfuriki: usikimbilie kuzidisha mara mbili

Wadogo zangu mnaoanza kemia chuo, na nyie wa kidato cha sita mnaohangaika na maswali ya pH, leo nataka niongelee swali moja tu kwa sababu nimeona watu wengi wanapotezea marks hapo na mimi mwenyewe nilikwama hapo hapo. Umepewa asidi ya salfuriki ya 0.010 M, tafuta pH. Basi.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilifanya hivi: H2SO4 ina hidrojeni mbili, ni asidi kali, kwa hiyo 0.010 mara 2 ni 0.020, pH 1.70, nikaandika kwenye daftari nikaenda kupima. Mita ikasoma 1.8 na kitu. Nikasema mita imeharibika, nikaisafisha elektrodi, nikakalibreti upya kwa bafa ya 4 na ya 7, ikarudi pale pale. Nikamwaga sulusheni nikatengeneza nyingine kabisa, bado. Fundi wa maabara alikuwa ananiangalia tu, mwisho akaja akaniambia, "Mdogo wangu, hidrojeni ya pili nani kakwambia imetoka yote?"

Hilo swali ndo somo lenyewe.

Hidrojeni ya kwanza inatoka yote, hapo hakuna ubishi, kila H2SO4 inayoingia kwenye maji mengi inakuwa H+ na HSO4⁻. Lakini HSO4⁻ yenyewe ni asidi nyingine, na hiyo si kali kama mama yake, Ka yake ni kama 0.012 kwenye nyuzi 25 (vitabu vingine vinaandika 0.010 au 0.011, tumia ya kitabu chako). Sasa 0.012 ni namba ya katikati yenye usumbufu, si kubwa kiasi cha kusema zote zimetoka na si ndogo kiasi cha kusema zilizotoka ni chache hazihesabiki. Ndo maana njia za mkato za pande zote mbili zinafeli hapa.

Kabla hujagusa kalkuleta jiwekee mipaka kwanza. Kama hidrojeni ya pili isingetoka hata moja, H+ ingekuwa 0.010 na pH ingekuwa 2.00. Kama zingetoka zote, ingekuwa 0.020 na pH 1.70. Kwa hiyo jibu lako lazima liwe kati ya 1.70 na 2.00, ukipata nje ya hapo simama, umekosea mahali.

Sasa hesabu. Tuseme kiasi cha HSO4⁻ kilichoachia hidrojeni ni x. Zilizobaki ni 0.010 − x, SO4²⁻ ni x, na H+ ni 0.010 + x. Hapo kwenye H+ ndo pa kuwa makini sana jamani, kwa sababu wengi wanaandika x peke yake kwa mazoea ya asidi ya siki, wanasahau kwamba ile H+ ya kwanza haijaenda popote, imo humo humo ndani ya maji na inaibana ya pili isitoke kirahisi. Maji hayajui H+ ipi imetoka wapi, zote ni moja. Ukiandika x mara x, halafu mwishoni ndo ukajumlisha ile 0.010, unapata pH 1.78, ambayo iko ndani ya mipaka kwa hiyo hata hutashtuka, na bado si sahihi.

Ukiandika vizuri:

```
(0.010 + x)(x) / (0.010 − x) = 0.012
x² + 0.022x − 0.00012 = 0
x = 0.0045
H+ = 0.010 + 0.0045 = 0.0145
pH = 1.84
```

Yaani kama asilimia 45 tu ya HSO4⁻ ndo imeachia. Na usijaribu ile ya kusema "x ni ndogo tuipuuze", ukiipuuza juu na chini unabaki na x = 0.012, halafu una 0.010 tu ya kuanzia, umetoa zaidi ya ulichonacho. Ukiona hivyo ujue kupuuza hakuruhusiwi, rudi kwenye kwadratiki.

Mimi siku hizi nikitaka makadirio ya haraka wala sifanyi kwadratiki. Natumia hii: sehemu ya HSO4⁻ iliyoachia ni Ka ukigawa kwa (Ka + H+). Unabuni H+ ya katikati ya mipaka, hapa 0.015. Basi 0.012 gawa 0.027 unapata 0.444, kwa hiyo H+ mpya ni 0.010 mara 1.444, yaani 0.0144. Rudia na hiyo, 0.012 gawa 0.0264 ni 0.4545 hivi, H+ inakuwa 0.0145. Imeshatulia. Mizunguko miwili na una pH 1.84 ile ile, na uzuri wake ni kwamba unaona kwa macho nini kinaendelea, H+ ikiwa nyingi ile sehemu inapungua, H+ ikiwa kidogo inaongezeka.

Kwa hiyo ukiizimua mpaka 0.0010 M inaachia karibu yote, pH inakuwa 2.73 wakati kuzidisha mara mbili kungekupa 2.70, hapo aliyezidisha kakosea kidogo tu. Ila kwenye 0.10 M inaachia kama asilimia 10 tu, pH ni 0.96, na aliyezidisha mara mbili kaandika 0.70. Wengi wanadhani asidi ikiwa nyingi ndo inaachia zaidi, ni kinyume chake.

Kuhusu mita, usitegemee ikubaliane nawe mpaka desimali ya pili. Ioni kwenye sulusheni zinavutana na hii hesabu haijali hilo, na kosa langu lingine siku ile ilikuwa kukalibreti kwa 4 na 7 halafu napima kitu cha 1.8, kipo nje kabisa ya hizo bafa. Kuna bafa ya 1.68, iombe. Na maji ya betri ya gari, ambayo yana zaidi ya mola 4 kwa lita, usiyaletee hii hesabu kabisa, pale ioni zimebanana mno.

La mwisho, kwa sababu najua mtachanganya wiki ya taitresheni. Ukichukua mililita 25 za hiyo 0.010 M ukaitaitreti na NaOH ya 0.020 M, bureti itasoma mililita 25, si 18 kama ungetumia ile H+ ya 0.0145. Kila NaOH inapokula H+, HSO4⁻ inaachia nyingine kujaza pengo, mpaka zinaisha zote. Mita ya pH inasoma H+ zilizopo nje sasa hivi, bureti inahesabu na zile ambazo bado zimeshikwa, kwa hiyo kwenye taitresheni zidisha mara mbili bila wasiwasi.