Nilivyokamua video ya 1.8GB ikawa 137MB na simu tu, bila kompyuta

Mwezi jana binamu yangu alirekodi kwaya ya kanisa lao hapa Kisumu, dakika 14 mfululizo, akaniletea kwa memori kadi juu mwalimu wa kwaya kule Kakamega alikuwa anataka kuionyesha kwa tivi ya kanisa. Binamu alikuwa ashajaribu na flashi, sauti ikatoka vizuri kabisa lakini picha hakuna, giza tupu. Na kumtumia mwalimu 1.8GB kwa bando, hiyo sahau. Laptop yangu ilikufa kitambo, kwa hivyo nikabaki na Termux, apu ya simu ya kuandika komandi kama za kompyuta.

Termux mimi nilitoa F-Droid, lile duka la apu za bure. Ukishaiweka, andika hizi, na ffmpeg ndio programu itakayoikamua video:

```
pkg update
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
```

Hiyo ya mwisho inakuitisha ruhusa ya kuona faili za simu, ikubali, la sivyo utakuwa unaambiwa faili haipo na unaiona na macho yako. Nilikopi video kwa folda ya Movies nikaipa jina fupi bila nafasi katikati, kwaya.mp4, juu kuandika majina marefu na kibodi ya simu ni adhabu. Halafu nikaichungulia:

```
cd ~/storage/shared/Movies
ffprobe -hide_banner kwaya.mp4
```

Kwa laini ya Video ikaandika hevc. Basi shida ndio hiyo. Hevc ni ile H.265, simu nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi nayo juu inaokoa nafasi, lakini tivi za zamani haziijui, ndio maana ile yao ilitoa sauti peke yake. Kubadilisha jina la faili hakusaidii kitu, lazima picha yenyewe ipikwe upya iwe H.264.

Sasa hapa ndio watu hupoteza chaji. Usianze na video yote, pika sekunde 30 za katikati kwanza:

```
ffmpeg -ss 00:05:00 -t 30 -i kwaya.mp4 \
-vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 28 \
-preset veryfast -pix_fmt yuv420p \
-c:a aac -b:a 96k jaribu.mp4
```

Jaribu.mp4 ilikuja 4.6MB. Dakika 14 ni vipande 28 vya sekunde 30, kwa hivyo 28 mara 4.6 ni kama 129MB, nikajua tuko sawa kabla sijachoma betri. Nikamtumia mwalimu hiyo ndogo, kama dokumenti sio kama video, juu ukituma kama video WhatsApp inaikamua tena. Akaitia kwa flashi, tivi ikakubali.

Namba ya kuchezea ni hiyo crf. Ukiipandisha faili inapungua na picha inachafuka, ukiishusha kinyume, na ukisogea namba 6 saizi inabadilika karibu nusu au maradufu. Mimi 28 ilinitosha ila nyuso za wale wa nyuma zilianza kuwa kama uji kidogo. Halafu kama video imerekodiwa simu ikiwa imesimama wima, weka scale=720:-2, la sivyo utapata kitu chembamba sana.

Ya video yote ni komandi ileile, toa tu -ss 00:05:00 na -t 30, na ubadilishe jina la mwisho. Mara ya kwanza nikaiacha nikaenda kununua omena, kurudi napata Termux imeandika signal 9. Android kuanzia 12 huua kazi nzito zinazoendelea nyuma. Na ile faili nusu haifunguki kabisa, inasema moov atom not found, juu mp4 huandika orodha yake mwisho kabisa. Kwa hivyo ukitaka kusimamisha mwenyewe bonyeza q mara moja ungoje, itafunga faili vizuri, usifunge tu apu.

Mara ya pili nikaandika termux-wake-lock kwanza ili simu isilale, nikaingia mipangilio ya betri nikaiondolea Termux vizuizi, na sikutoka kwa skrini yake. Nikatoa kava pia, simu nikaiweka kwa sakafu ya simiti, bila chaja. Angalia pale speed: yangu ilianza 0.9x, ikipata joto ikashuka hadi 0.6x, maana yake dakika moja ya video inakula karibu dakika mbili. Yote ilichukua dakika 20 hivi, betri ikashuka kutoka 80 hadi 61.

Ikatoka 137MB. Nikairuka hadi dakika ya 13 nione kama sauti na mdomo bado vinaenda pamoja, ndio nikafuta ile ya kwanza kwa simu, ya memori kadi nikaiacha binamu aifute mwenyewe.