Kusogeza kikao kwa ujumbe mfupi

"Nimeandika: 'Samahani, kesho sitaweza, tupange siku nyingine.' Watatu wamejibu 'sawa', na hakuna kilichopangwa. Niiandikeje?"

Taja nafasi mbili kamili, kisha uombe jibu la kuchagua:

"Samahani, kikao cha kesho Jumanne tarehe 10 sitaweza. Napendekeza Alhamisi tarehe 12 saa 4 asubuhi, au Ijumaa tarehe 13 saa 8 mchana. Naomba unijibu leo kabla ya saa 11 jioni: ipi utakuwepo, au zote huwezi?"

Naratibu vikao kazini, na hiyo "sawa" naijua: mtu anakubali kwamba kikao kimeahirishwa, hasemi kama atakuja. Usiache "kesho" bila tarehe, maana mwingine ataisoma usiku wa manane. Wala "saa 8" bila "mchana". Mwenye kalenda ya simu ataiweka 8:00 badala ya 14:00.

Kuna wanaoshauri uulize tu "mnapatikana lini?"; hiyo ni sawa mkiwa wawili. Mkiwa watano, kila mmoja atakuja na siku yake.

Majibu yakitimia, tuma ujumbe mmoja wenye saa iliyochaguliwa. Asiyejibu mpigie.